Jinsi ya kujenga harufu ya waridi wakati mafuta halisi ya waridi hayashikiki bei

Kilo moja ya mafuta ya waridi yanayotolewa kwa mvuke inakula petali kama tani 3 mpaka 5, na hizo petali zinachumwa kwa mkono alfajiri, ua moja moja, na msimu wenyewe ni wiki chache tu mwezi wa 5 na wa 6 kule bonde la Kazanlak Bulgaria au Isparta Uturuki. Kwa hiyo ile bei sio mtu kaamka tu akaipanga. Ndo maana pafyumu nyingi unazozisikia waridi ndani yake, hilo waridi limejengwa, kuna mtu kakaa mezani na mizani akaunganisha vitu kama kumi hivi ambavyo kimoja kimoja wala havinukii waridi sawasawa, vikikaa pamoja pua inasema hili ni ua. Mchanganyiko wa namna hiyo, yaani vitu vingi vinavyonukia kama kitu kimoja, watengeneza manukato wanauita akodi.

Ntaeleza akodi moja tu ya waridi, gramu 10, mwanzo mpaka mwisho. Kuna kitu kimoja ukikishika hapa basi zingine zote utazielewa: waridi lina mwili mkubwa wa vitu vya bei nafuu vyenye sauti ya chini, halafu lina chembe kidogo sana za vitu vikali, na hizo chembe ndo zinafanya kazi ya kusema "mimi ni waridi". Anayeanza huwa anahangaika na mwili, anabadilisha gramu nzima nzima, kumbe tatizo liko kwenye miligramu.

HATUA YA 1: Amua unataka waridi lipi

Hili watu wanaliruka na hawatakiwi kuliruka. Mafuta ya waridi ya mvuke na abusoluti ya waridi (ile inayotolewa kwa kimiminika cha kuyeyusha, sio mvuke) zinatoka kwenye ua lile lile na hazifanani harufu. Sababu iko kwenye maji. Ua lina kitu kinaitwa fenilethili alkoholi, kwa wingi, na hiki kinayeyuka kwenye maji, sasa ukipitisha mvuke sehemu kubwa yake inabaki kwenye maji ya waridi na kwenye mafuta inaingia asilimia chache tu. Kwenye abusoluti haipotei, inakuwa zaidi ya nusu ya kila kitu. Matokeo yake mafuta ya mvuke ni makali kidogo, makavu, yana nta na ukijani na kama limau kwa mbali, na abusoluti ni laini, nzito, ina asali.

Kwa hiyo mtu anayechukua uchambuzi wa maabara wa mafuta ya mvuke akanakili asilimia zile kama zilivyo, anapata harufu ya mafuta ya mvuke, hapati harufu ya ua ukiliinamia bustanini. Mimi hapa naenda na waridi bichi la bustanini, lenye umande, halafu lenye asali kidogo chini. Maana yake fenilethili alkoholi itakuwa nyingi, karibu asilimia 40.

HATUA YA 2: Vitu vyenyewe

Majina ya kemikali kila muuzaji anaandika anavyojua, mara jina la kibiashara mara la kikemia, kwa hiyo ukinunua angalia namba ya CAS, yaani namba ya utambulisho wa kemikali, hiyo haibadiliki. Hii ndo fomula yetu, zote kwa gramu:

```
Fenilethili alkoholi        60-12-8      4.00
Sitroneloli                 106-22-9     2.50
Jeranioli                   106-24-1     1.50
Mafuta ya jeraniamu         8000-46-2    0.40
Jeranili asetati            105-87-3     0.30
Yujenoli 10%                97-53-0      0.50
Sitrali 10%                 5392-40-5    0.20
Oksidi ya waridi 10%        16409-43-1   0.20
Damaskenoni (beta) 1%       23696-85-7   0.20
Iononi (beta) 10%           14901-07-6   0.10
Fenilasetaldehidi 10%       122-78-1     0.10
                            JUMLA       10.00
```

Pale palipoandikwa 10% au 1% ni kwamba hicho kitu kishapunguzwa makali kabla hujakipima, nakuja hapo sasa hivi.

Mizani iwe ya kusoma 0.01 g, chini ya hapo usihangaike kabisa. Na tafadhali usipime kwa matone. Tone la fenilethili alkoholi, ambayo ni nzito nzito, halilingani na tone la sitrali, na pipeti ya leo sio pipeti ya kesho, sasa ukipata kitu kizuri kwa matone hutaweza kukirudia. Vingine ni chupa ndogo za kioo za kahawia zenye kifuniko kinachobana, pipeti za kutupa (moja kwa kila kitu, usichanganye), vipande vya karatasi ya kunusia, glavu, na daftari. Chumba kiwe na hewa inapita.

HATUA YA 3: Punguza makali

Hapa ndo sehemu ambayo uvivu unaharibu akodi nzima. Damaskenoni kwenye fomula hii inaingia miligramu 2 tu ndani ya gramu 10. Mizani yako haiwezi kupima miligramu 2, hata tone moja dogo ni zaidi ya hapo mara nyingi. Kwa hiyo unaitengenezea mchanganyiko mwepesi kwanza.

Chukua damaskenoni 0.50 g, ongeza DPG (yaani dipropilini glaikoli, kimiminika kisicho na harufu cha kupunguzia) 4.50 g, tikisa, hiyo ni 10%. Kisha kutoka humo chota 0.50 g, weka chupa nyingine, ongeza DPG 4.50 g tena, sasa una 1%. Andika kwenye chupa jina na asilimia na tarehe, maana zote zitakuwa maji maji meupe yanayofanana na kesho hutakumbuka ipi ni ipi. Yujenoli, sitrali, oksidi ya waridi, iononi na fenilasetaldehidi zenyewe zinaishia 10%. Fenilasetaldehidi iangalie vizuri, mara nyingi inauzwa ikiwa tayari imepunguzwa hadi 50% kwa sababu ikikaa yenyewe inaganda ganda inakuwa nzito kama sharubati, sasa kama yako ni 50% basi unachukua 1.00 g na DPG 4.00 g ndo upate 10%.

Kwa nini damaskenoni ipunguzwe hivyo wakati fenilethili alkoholi tunamwaga gramu nne? Kwa sababu pua ya binadamu inaisikia damaskenoni kwenye maji ikiwa kidogo makumi ya maelfu ya mara kuliko fenilethili alkoholi. Hii kitu ilitambuliwa kwenye mafuta ya waridi na wakemia wa Firmenich wa Geneva, taarifa yake ikatoka 1970. Kabla ya hapo watu walishajua zile alkoholi kubwa kubwa zote za waridi, walikuwa wanazichanganya kwa uwiano sahihi kabisa na bado kinachotoka ni sabuni nzuri. Kilichokuwa kinakosekana ni chembe.

HATUA YA 4: Jenga mwili, halafu uunuse peke yake

Weka chupa tupu kwenye mizani, ifanye isome sifuri, mimina fenilethili alkoholi 4.00 g. Rudisha sifuri, sitroneloli 2.50 g. Rudisha sifuri, jeranioli 1.50 g. Funga, tikisa, chovya karatasi.

Kabla hujaendelea nusa kila kimoja pia kwenye karatasi yake. Fenilethili alkoholi ni laini, ya maji maji, ni ile harufu ya maji ya waridi ikiwa imefifia, kuna mkate na asali kwa mbali sana. Sitroneloli ni safi, ina nta, ina ulimau kidogo. Jeranioli ni kavu zaidi na kali, inakwenda upande wa jani. Ukishazijua hivi, unaweza kuelekeza mwili unakotaka: ukiongeza ya kwanza waridi linakuwa la petali laini, ukiongeza ya pili linakuwa safi na la nta, ukizidisha ya tatu linakauka na kuanza kukumbusha dawa ya kufukuza mbu.

Mchanganyiko wa hizi tatu utanukia kama waridi la sabuni ya kuogea, safi, la kupendeza, halina uhai. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kwa sasa. Usianze kuongeza ongeza gramu za hapa na pale eti uipate waridi humu humu, hutaipata. Mwili kazi yake ni kuwa tulivu ili vile vikali vionekane juu yake.

HATUA YA 5: Chembe, kimoja kimoja

Utaratibu ni kwamba kila ukiongeza kitu unatikisa, unachovya karatasi mpya, unaandika neno moja au mawili kwenye daftari. Ukitia vyote kwa mpigo utapata akodi, sawa, ila hutajua nani kafanya nini, na siku ikiharibika hutajua umkamate nani.

Anza na mafuta ya jeraniamu 0.40 g. Haya ni mafuta ya asili, yanatoka kwenye majani, na ndani yake tayari kuna sitroneloli na jeranioli na oksidi ya waridi kidogo pamoja na vitu vingine vingi vidogo vidogo. Faida yake ni hiyo vurugu ndogo ya asili, mwili unaacha kuwa msafi kupita kiasi. Hasara yake ni mnanaa. Ina upande mmoja wa ubaridi wa mnanaa na majani yaliyopondwa, ukifika 1 g kwenye gramu 10 tayari unanusa jani na sio ua. Jeranili asetati 0.30 g inafuata, inaleta utamu wa tunda kama pea na inalainisha pale jeraniamu ilipokwaruza.

Yujenoli 10%, weka 0.50 g. Hii ndo ile ya karafuu. Watu wanashangaa karafuu inafanya nini kwenye waridi, lakini waridi la kweli linayo, na bila hiyo ua linakuwa tambarare halina joto katikati. Ukiisikia kama karafuu imezidi, inatakiwa usiisikie ila ukiitoa uone pengo.

Sitrali 10%, 0.20 g. Mwanga wa limau juu kabisa, dakika chache za mwanzo. Kidogo tu.

Sasa oksidi ya waridi 10%, 0.20 g, na hapa utasimama kidogo. Yenyewe peke yake inanukia chuma, jani bichi, kama tunda la laichi, ni kali na inapenya. Ukiiweka kwenye mwili ndo kwa mara ya kwanza ule msabuni unafunguka na unapata ubichi, ule umande. Mimi naona kama ningeruhusiwa kuongeza kitu kimoja tu juu ya zile alkoholi tatu ningechagua kati ya hii na damaskenoni na ningekaa muda mrefu bila jibu.

Iononi 10%, 0.10 g. Hii ni ya upande wa ua la zambarau, unga unga, na tunda. Ina ujanja mmoja: kuna watu wengi tu ambao pua zao haziisikii vizuri, ni mambo ya jeni moja la kipokezi cha harufu, mtu anainusa anasema hamna kitu, na mwenzie pembeni anasema inaniumiza kichwa. Kama wewe ni wa kundi la kwanza usiongeze mpaka uisikie, utawaua wengine. Baki na kipimo kilichoandikwa halafu mpe mtu mwingine anuse.

Fenilasetaldehidi 10%, 0.10 g. Ni ukijani mkali wenye asali, kama maua ya hayasinthi. Inaunganisha ubichi wa juu na utamu wa chini. Ikizidi inaleta harufu nzito ya asali iliyochacha na kuna watu wanaisikia kama mkojo, sio utani.

Mwisho damaskenoni 1%. Fomula inasema 0.20 g lakini wewe weka 0.10 kwanza, tikisa, nusa, kisha malizia 0.10 nyingine. Utaona mabadiliko ya ajabu, harufu inapata kina na wekundu, tunda la kupikwa, divai, kama tumbaku tamu kwa mbali, na ghafla sabuni imeondoka. Utatamani kuongeza. Usiongeze, kwa sababu damaskenoni siku ya kwanza inasikika ndogo kuliko itakavyokuwa keshokutwa.

HATUA YA 6: Iache

Funga chupa, iweke gizani siku 2 angalau, wiki moja ni bora. Vitu vinazoeana, ile ncha kali ya sitrali na fenilasetaldehidi inashuka na damaskenoni inapanda. Ukihukumu akodi dakika tano baada ya kuichanganya utarekebisha vitu ambavyo vingejirekebisha vyenyewe.

Siku ya kunusa usinuse akodi mbichi kutoka kwenye chupa. Chukua 0.50 g ya akodi, ongeza alkoholi ya pafyumu 4.50 g, chovya karatasi, subiri alkoholi iruke. Nusa mara ya kwanza dakika ya kwanza, mara ya pili baada ya nusu saa, tena baada ya saa tatu, tena kesho asubuhi, na kila mara andika. Katikati toka nje upumzishe pua, kwa sababu iononi na damaskenoni zinachosha pua haraka na utadhani zimeisha kumbe wewe ndo umeisha.

HATUA YA 7: Nini kimeharibika, na utajuaje

Tuchukue hali moja ambayo inatokea sana. Baada ya siku 2 umenusa, mwanzo inakuja na chuma na laichi, inachoma, baada ya saa moja hicho kimeondoka na kilichobaki ni sabuni. Wengi hapa wanasema oksidi ya waridi imezidi, wanapunguza, halafu wanapata sabuni kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Soma vizuri ulichoandika: una matatizo mawili sio moja, juu pamezidi na chini patupu. Oksidi inaruka mapema kwa hiyo haiwezi kuwa ndo inayokosekana baada ya saa moja, kinachokosekana pale ni vile vinavyokaa.

Kabla hujagusa akodi fanya jaribio la karatasi mbili. Chovya karatasi moja kwenye akodi, nyingine kwenye kitu unachokishuku kwa mfano damaskenoni 1% au yujenoli 10%, subiri, kisha zishike pamoja kama feni ndogo na uzipitishe mbele ya pua, mara ile ya pili ikiwa karibu mara ikiwa mbali. Ikiwa ikikaribia harufu inakuwa bora, hicho kitu kimepungua. Ikiwa inakuwa mbaya, kipo cha kutosha. Jaribio hili halikugharimu chochote na linaokoa akodi nyingi.

Kwenye mfano wetu tuseme karatasi ya yujenoli imeijaza ile sehemu ya katikati na ya damaskenoni haijasaidia. Toleo la pili linakuwa hivi: oksidi ya waridi kutoka 0.20 kwenda 0.10, yujenoli kutoka 0.50 kwenda 0.70, na ili jumla ibaki 10.00 unatoa 0.10 kwenye jeranioli, inakuwa 1.40. Mambo matatu tu, basi. Tengeneza upya kwenye chupa mpya, usirekebishe juu ya ile ya zamani, ili uwe nazo mbili za kulinganisha.

Na kama umezidisha damaskenoni? Dalili yake ni jamu, tufaha la kupikwa, akodi yote inakuwa nyekundu na nzito na huwezi kusikia ua tena, na kesho asubuhi bado ipo kwenye karatasi. Watu wanauliza kama inaweza kuokolewa. Piga hesabu: badala ya 0.20 g umeweka 0.60 g ya ile 1%, yaani miligramu 6 badala ya 2. Ili irudi kwenye uwiano wake inabidi vitu vingine vyote viwe mara tatu, yaani ile chupa ya gramu 10 iwe gramu 30. Kama unahitaji gramu 30 sawa, endelea, ongeza vyote isipokuwa damaskenoni. Kama huhitaji, iweke pembeni uitumie kidogo kidogo kwenye manukato ya matunda, usimwage vitu vya gramu 20 kufukuza miligramu 4.

Dalili nyingine za haraka haraka: jani na mnanaa ni jeraniamu. Sabuni ya limau ni sitrali. Harufu ya kwa daktari wa meno ni yujenoli. Unga wa usoni ni iononi. Ukikwama kabisa hujui ni nani, tengeneza akodi upya bila kitu kimoja unachokishuku, weka mbili sambamba, tofauti itakuambia.

HATUA YA 8: Ikae kwenye ngozi

Akodi hii peke yake haikai sana. Vitu vingi humu vinaondoka ndani ya saa chache, na mafuta halisi yana nta zake za asili zisizo na harufu zinazopunguza kasi ya kuruka (ndizo zinazofanya mafuta ya waridi yagande kwenye baridi, akodi yako haitaganda hivyo). Kwa gramu 10 za akodi jaribu kuongeza miski ya kutengenezwa 1.00 g, ile ya ethilini brasilati ni tamu na haigombani na waridi, pamoja na mafuta ya pachuli yaliyopunguzwa hadi 10%, 0.30 g. Pachuli kidogo namna hiyo huisikii kama pachuli, inalipa waridi udongo wa kusimamia. Ukitaka waridi zito la usiku ongeza pachuli, ukitaka la asubuhi iache hapo hapo.

Na kama unayo abusoluti halisi ya waridi hata kidogo sana, hapa ndo mahali pake. Ipunguze 10% kwenye alkoholi na weka 1.00 g kwenye akodi, yaani 0.10 g ya abusoluti yenyewe. Haitabeba harufu, akodi ndo inabeba, ila itajaza zile nafasi ndogo ndogo ambazo vitu kumi na moja haviwezi kuzijaza. Hata wenye pesa hawamwagi tu mafuta halisi wanavyotaka, manake yana methili yujenoli ndani yake ambayo kiasi chake kwenye bidhaa za ngozi kinadhibitiwa.

Tukiwa hapo hapo kwenye ngozi: damaskenoni na ndugu zake zina kikomo cha IFRA, lile shirika la kimataifa la manukato linaloweka viwango vya usalama, kwa sababu zinaweza kuleta mzio, na kikomo chenyewe ni sehemu ndogo ya asilimia. Kwenye akodi yetu damaskenoni ni 0.02%, ukiiweka akodi 15% kwenye pafyumu (3.00 g za akodi na 17.00 g za alkoholi) inakuwa 0.003%, uko salama kwa hiyo moja, lakini jeranioli, sitroneloli, sitrali, yujenoli na fenilasetaldehidi nazo ni za kuangaliwa kwenye toleo la karibuni la viwango kabla hujampa mtu yeyote ajipake. Kwa soko la Umoja wa Ulaya jeranioli, sitroneloli, sitrali na yujenoli lazima zitajwe kwenye lebo zikizidi 0.001% kwenye bidhaa inayobaki kwenye ngozi, na kwa akodi hii zote nne zinazidi. Na lebo isiandikwe mafuta ya waridi, iandikwe harufu ya waridi.

Kilichobaki kihamishie kwenye chupa ndogo inayojaa mpaka shingoni, maana jeranioli na wenzake wakikutana na hewa wanageuka taratibu, na vinavyotokana na huko kugeuka ndo vinawasha ngozi zaidi. Baada ya miezi kadhaa chovya karatasi tena: ikiwa juu imekuwa chachu na ule ulimau umegeuka kuwa kitu kama mafuta ya kupikia yaliyokaa, tengeneza nyingine, fomula unayo.